Kofia kichwani, mkanda kidevuni, twende: maswali ya bodaboda wa Kigoma

Dokta, kijiwe chetu cha Mwanga tunataka maneno ya kuandika kwenye reflekta zetu. Tupe, ila usituhubirie.

Andikeni hivi: *Kofia kichwani, mkanda kidevuni, twende.* Yakae mgongoni, abiria ayasome kabla hamjaondoka. Sikuweka kifo humo wala watoto wanaowasubiri nyumbani, maana hayo mnayajua kuliko mimi. Neno ninalolihitaji ni mkanda. Wengi ninaowapokea wakiwa wameumia kichwa, kofia walikuwa nayo. Ilikuwa imetundikwa kwenye kioo cha pembeni, au imevikwa kwenye kiwiko, au iko kichwani na mkanda unaning'inia.

Mimi kofia navaa kila siku. Mkanda tu ndio sifungi, unanibana. Si bado nimevaa?

Hujavaa, ndugu yangu. Pikipiki ikisimama ghafla, wewe unaendelea na safari, na kofia nayo ina safari yake. Mara nyingi kichwa hakigongi mara moja. Kinagonga gari au tenki, kisha kinagonga lami. Kofia isiyofungwa huwa imeshatoka kabla ya pigo la pili, na wakati mwingine hata kabla ya la kwanza.

Ukifunga, acha nafasi ya vidole viwili kati ya mkanda na kidevu. Kisha shika kofia kwa nyuma, kisogoni, uisukume kuelekea mbele. Ikitoka, mkanda umelegea au kofia si ya saizi yako. Jaribio lenyewe halichukui hata muda wa kuhesabu chenji.

Hata safari fupi, kama Mwanga mpaka Gungu?

Hata hiyo. Kijana mmoja alikuwa anatoka Mwandiga kuelekea mjini, hana haraka, hana abiria. Mbuzi akakatiza, akamkwepa, akaanguka ubavu. Akainuka mwenyewe, akajipangusa vumbi, akacheka na wenzake, akaendelea na kazi ili apate hesabu ya bosi. Jioni kichwa kikaanza kumuuma, akameza panado akalala. Usiku akatapika, na kumwamsha ikawa shida. Alipofika kwetu mboni ya jicho moja ilikuwa imepanuka kuliko ya pili.

Wenzake walikuja na kofia yake. Niliigeuza pande zote chini ya taa nikitafuta mchubuko, sikuuona. Mkanda ulikuwa mzima, kishikizo kizima. Lami ilikuwa imekutana na kichwa kitupu.

Lakini si aliamka na akaongea vizuri?

Ndiyo, na hapo ndipo mnapotuchelewesha. Pigo la pembeni mwa kichwa, juu ya sikio, linaweza kupasua mshipa ulio ndani ya fuvu. Damu inajikusanya polepole kati ya mfupa na utando wa ubongo. Kwa saa kadhaa mtu anaongea, anakula, anatania. Ikizidi, inaukandamiza ubongo.

Kwa hiyo kuongea si kupona. Narudia: kuongea si kupona. Aliyezimia hata kidogo, au asiyekumbuka alivyoanguka, aletwe siku hiyohiyo. Maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika, usingizi usio wa kawaida, udhaifu wa upande mmoja, mboni zisizolingana: hapo ni hospitali sasa hivi, hata kama ni saa nane usiku. Msimpe panado mkasubiri kupambazuke. Na tafadhali, msimpakate mshikaki katikati ya watu wawili shingo ikiyumba. Tafuteni gari, alale, shingo imeshikiliwa isigeuke.

Kofia za bei rahisi zinasaidia?

Chungulia ndani. Chini ya kitambaa lazima kuwe na povu gumu, mara nyingi jeupe, kama lile la boksi la kuwekea samaki na barafu. Hilo ndilo linalosagika badala ya kichwa chako. Ukikuta sponji laini peke yake, umenunua kofia ya kumwonyesha trafiki. Na povu likishapokea pigo halirudi, hata kama ganda la nje linang'aa. Ukianguka nayo, badilisha. Ukiivaa kofia ya kweli na kuifunga, tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha inapunguza hatari ya kuumia kichwa kwa takribani asilimia 69, na ya kufa kwa takribani asilimia 42.

Abiria wanakataa, wanasema inanuka na inaharibu nywele.

Wana haki kidogo, mapunye huambukizwa kwa kofia za kupokezana. Ianike juani mchana ukiwa kijiweni, na mwenye nywele zake atangulize kitambaa au kilemba. Akishavaa, usimwulize kama amefunga. Geuka umfungie mwenyewe, kama ni mama mzee. Kama ni kijana, mwonyeshe mgongo wako asome.