Faili Liko Kwa Nani? Chati Mtiririko na Mchoro wa Leni Katika Safari ya Mkopo

Katika ofisi nyingi za mikopo hapa Dar es Salaam, iwe Saccos ya wafanyakazi kule Upanga au kampuni ya mikopo midogo juu ya maduka ya Kariakoo, utakuta karatasi imebandikwa ukutani yenye kichwa "Utaratibu wa Mkopo". Inaanzia juu, "Maombi yapokelewe", inashuka kwa visanduku na mishale hadi chini, "Fedha ziingizwe kwenye akaunti". Ni mchoro msafi na hata mgeni anaufuata. Ila mwanachama akisimama dirishani na kuuliza, "Samahani dada, faili langu sasa hivi liko kwa nani?", hakuna mhudumu anayegeuka kuitazama karatasi ile. Anainua simu na kuanza kuulizia meza moja baada ya nyingine.

Karatasi hiyo ni chati mtiririko ya kawaida. Kisanduku ni kazi, almasi ni swali lenye njia ya Ndiyo na njia ya Hapana, na umbo la mviringo ni mwanzo au mwisho. Inaeleza vizuri nini kinafuata baada ya nini. Haikuundwa ili iseme nani anafanya.

Mchoro wa leni unatumia maumbo hayo hayo. Tofauti ni kwamba kwanza ukurasa unagawanywa kwa mistari, kama bwawa la kuogelea linavyogawanywa kwa kamba ili kila mwogeleaji abaki kwenye njia yake. Kila idara inapewa leni yake, na kila kisanduku kinakaa ndani ya leni ya anayeifanya kazi ile kwa mikono yake. Si ya bosi wake, wala si ya anayepelekewa nakala. Mshale ukivuka mstari, maana yake faili limetoka meza moja kwenda nyingine.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka ujaribu kuhamisha chati ya zamani kwenye leni. Niieleze kwa Saccos moja ya wafanyakazi ambayo kitengo chetu cha mafunzo kilikaa nayo siku mbili. Mkopo wenyewe ulikuwa wa dhamana ya nyumba. Wahusika ni watano: mwanachama, afisa mikopo, afisa sheria, kamati ya mikopo na uhasibu. Tulitandika manila mezani, tukapiga mistari minne, tukanakili kila kisanduku cha karatasi ya ukutani kwenye kikaratasi cha gundi. Kazi ikawa kukibandika kila kimoja kwenye leni yake.

Vinne vya kwanza vilikwenda haraka. Cha tano kilikuwa kimeandikwa: "Mwanachama ajulishwe upungufu." Nikauliza kinakaa wapi.

"Hiyo ya sheria," akasema afisa mikopo. "Wao ndio wanaoona hati ina kasoro."

Afisa sheria akacheka. "Mimi mwanachama simjui, hata namba yake ya simu sina. Nikiona kasoro naandika pembeni kwa penseli, nairudisha mikopo."

"Unairudisha lini? Mimi nakuta tu faili juu ya rundo langu, najua ni jipya."

Kwa miaka yote ile kazi hiyo ilikuwa imeandikwa ukutani na haikuwa na mwenyewe. Faili lilirudi mezani na maandishi ya penseli, likafunikwa na maombi mapya, na mwanachama akajulishwa upungufu siku alipochoka kusubiri akaja mwenyewe kuulizia. Lugha yetu nayo ilichangia. Kiswahili cha ofisini kinapenda kauli ya kutendwa: ajulishwe, ihakikiwe, ziwasilishwe. Chati mtiririko inaimeza kauli hiyo bila shida, kwa sababu kisanduku kinahitaji kitendo tu. Leni inaikataa. Kikaratasi kiko mkononi na lazima ukibandike mahali, kwa hiyo "ajulishwe" inalazimika kugeuka "afisa mikopo ampigie". Tangu siku ile, nikipewa chati ya kukagua, huanza kwa kupigia mstari vitenzi vya kutendwa. Mara nyingi ndipo mafaili yanapolala.

Jambo la pili lilikuwa mshale wa Hapana. Kwenye karatasi ya ukutani, almasi ya "Nyaraka za dhamana zimekamilika?" ilikuwa na mshale mmoja wa Hapana uliopanda juu na kurudi kwenye kupokea nyaraka. Mshale mmoja, sentimita chache. Tulipouchora kwenye leni ukatoka sheria kwenda mikopo, mikopo kwenda kwa mwanachama, mwanachama kurudi mikopo, mikopo kurudi sheria. Mivuko minne kwa upungufu mmoja. Safari nzima ya faili lisilo na kasoro ilikuwa na mivuko sita: mwanachama kwenda mikopo, mikopo kwenda sheria, sheria kurudi mikopo kwa ajili ya muhtasari, mikopo kwenda kamati, kamati kwenda uhasibu, uhasibu kumaliza na mwanachama. Kasoro moja tu ikaifanya iwe kumi.

Tukauliza ni kasoro gani hasa inayorudisha mafaili. Afisa sheria hakufikiri hata kidogo: ridhaa ya mwenza. Nyumba ya familia haiwekwi dhamana bila mume au mke kuridhia, na waombaji wengi walikuwa wanaleta hati ya nyumba bila fomu hiyo. Sasa, kuona kwamba fomu haipo hakuhitaji mwanasheria. Inaonekana pale pale dirishani, mwombaji akiwa bado amesimama. Swali likahamishwa kutoka leni ya sheria kwenda leni ya mikopo: fomu ipo au haipo? Mwanasheria akabaki na la kwake, yaani kama iliyopo inafaa kisheria. Mwombaji asiyekuwa nayo bado atarudi nyumbani kuifuata, lakini faili halijaanza hata safari.

Hapa nitoe tahadhari, maana nimeona watu wakishaonja kuhesabu mivuko wanataka kuifuta yote. Baadhi ya mivuko imewekwa makusudi. Afisa anayepokea maombi hapaswi kuwa ndiye anayeyaidhinisha, na kamati inayoidhinisha haipaswi kuwa ndiyo inayotoa fedha. Mivuko hiyo inachelewesha kweli, lakini ndiyo ulinzi wa akiba za wanachama. Kabla hujaufuta mvuko, uliza nani angeweza kuiba kama usingekuwepo.

Je, leni ndiyo jibu la kila kitu? Hapana, na Saccos hiyo hiyo ilitupa mfano. Mchana walitaka tuingize hesabu ya uwezo wa kulipa kwenye manila. Kanuni yao ilikuwa makato yote yasizidi theluthi mbili ya mshahara wa msingi. Chukua mwanachama mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 900,000. Theluthi mbili ni 600,000. Tayari anakatwa 420,000, kwa hiyo nafasi iliyobaki ni 180,000 kwa mwezi. Rejesho la mkopo mpya likiwa 150,000 anapita. Likiwa 200,000 hapiti, na hapo yanafuata maswali mengine: je, tukirefusha muda rejesho litashuka chini ya 180,000? Muda huo mrefu unavuka tarehe ya kustaafu? Kama unavuka, kiasi kipunguzwe hadi wapi? Je, mkopo wa zamani unaweza kumalizwa kwanza?

Zilikuwa almasi tano, na zote zinajibiwa na mtu mmoja, meza moja, kikokotoo kimoja. Tulipozibandika, leni ya mikopo ilivimba mpaka ikasukuma nyingine pembeni, na leni nne zilizobaki zikawa nyeupe tupu. Mistari haikuwa inasema chochote, ilikula karatasi tu. Tukazitoa. Kwenye mchoro wa leni kikabaki kisanduku kimoja, "Afisa mikopo apime uwezo wa kulipa", chenye alama ndogo ya kujumlisha kuonyesha kuwa kina undani, na undani huo ukachorwa kama chati mtiririko ya kawaida kwenye ukurasa wake. Afisa mpya anaiweka pembeni ya kompyuta yake. Mhasibu hana sababu ya kuiona.

Kwa hiyo ninavyochagua ni hivi. Kabla ya kuchora chochote, andika hatua zote kwa orodha, kila moja ikianza na mtendaji: afisa anapokea, afisa anahesabu, mwanasheria anakagua. Pita na kalamu kando ya orodha, weka alama kila mtendaji anapobadilika. Alama zikiwa tatu au zaidi, mimi huchora leni. Kama mtendaji ni yule yule karibu mwanzo hadi mwisho na kinachobadilika ni masharti, chati ya kawaida inatosha, tena inasomeka vizuri zaidi.

Ukishaamua leni, zipange kwa mpangilio ambao faili linazigusa, vinginevyo mishale itapitana kama daladala kituoni. Mpe mwanachama leni yake, juu kabisa, hata kama si mfanyakazi, maana kuna siku faili linamsubiri yeye. Andika cheo, usiandike jina la mtu, kwa kuwa watu huenda likizo. Na zikizidi sita, karatasi ya A4 haitasomeka: gawanya safari mara mbili, kabla na baada ya kamati kwa mfano. Wanaotumia Visio watakuta kiolezo kinaitwa `Cross-Functional Flowchart`, ingawa mimi bado naanza na manila.

Kuna kitu kimoja ambacho hata mchoro wa leni haukionyeshi usipoulazimisha, nacho ni kusubiri. Mshale wa kwenda kamati una urefu sawa na mingine. Kamati ya Saccos ile ilikuwa inakaa Alhamisi, mara moja kila wiki mbili, kwa hiyo faili lililofika Ijumaa, siku moja baada ya kikao, lilikaa siku 13 bila mtu kuligusa. Tukaandika juu ya mshale wenyewe, kwa kalamu nyekundu: "hadi siku 13". Mwenyekiti alipoiona alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama mikopo midogo inaweza kupitishwa na wajumbe watatu katikati ya wiki. Hilo walikwenda kulijadili wenyewe.

Kikaratasi cha tano kilibandikwa hatimaye kwenye leni ya afisa mikopo, na maneno mawili yakaongezwa: "siku hiyohiyo". Afisa sheria akaomba namba ya simu ya mwombaji iandikwe juu ya jalada, ili akiona kasoro asiwe na kisingizio. Karatasi ya zamani imebaki dirishani kwa ajili ya waombaji wapya, wanaotaka kujua tu walete nini na kitafuata nini. Ya leni imetundikwa nyuma ya kaunta, karibu na simu.