Pakiti moja, lita moja, na kijiko kila dakika mbili

Mzazi anapoingia katika kona ya kituo chetu cha afya tunapotoa ORS, yaani unga wa chumvi na glukosi unaochanganywa na maji ili kurudisha maji mwilini, akiwa amembeba mtoto anayeharisha, na akaniambia kwamba tayari alikwisha kumpa ORS nyumbani, huwa namuuliza aliichanganya na maji kiasi gani. Jibu ninalolisikia mara nyingi ni la aina hii: "Nilimimina kidogo kwenye kikombe, daktari, iliyobaki nikaikunja nikaiweka, maana lita nzima hawezi kuimaliza." Namwelewa kabisa. Pakiti imenunuliwa, mtoto ni mdogo, na kumwaga dawa ni hasara. Hata hivyo, mimi kama afisa tabibu ninayeshughulika na watoto hawa, huko kuigawa pakiti ndiko kunakonipa wasiwasi kuliko makosa mengine yote ya nyumbani.

Pakiti ya lita moja iliyotengenezwa kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani na UNICEF, vinavyotumika tangu mwaka 2002, ina gramu 20.5 za unga. Ndani yake mna glukosi gramu 13.5, chumvi ya kawaida gramu 2.6, chumvi ya potasiamu gramu 1.5 na sitrati gramu 2.9. Viungo hivi vinne havina punje za ukubwa mmoja, na pakiti imesafiri safari ndefu ikitikiswa kabla ya kufika kwako, kwa hiyo huwezi kuwa na uhakika kwamba unga wa juu unafanana na wa chini. Isitoshe, jicho halina uwezo wa kukisia robo ya unga ndani ya mfuko wa karatasi ya fedha. Pakiti inatakiwa kumiminwa yote kwa mara moja, hadi punje ya mwisho, katika kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, na mtoto akinywa theluthi moja tu kisha iliyobaki ikamwagwa kesho yake, hakuna kilichoharibika.

Sababu ya kushikilia kipimo namna hii iko katika ukuta wa utumbo mwembamba. Mtoto anapoharisha, maji na chumvi hutoka mwilini kwa wingi, lakini kuna mlango mmoja katika ukuta huo ambao hubaki ukifanya kazi hata kwa mgonjwa wa kipindupindu: ni mlango unaopitisha sodiamu na glukosi zikiwa pamoja, na zinapoingia, maji huzifuata. Chumvi peke yake haipiti hapo vizuri, wala sukari peke yake haitoshi. Ndiyo maana maji matupu hayawezi kufanya kazi ya ORS, na ndiyo maana pia ORS haisimamishi kuharisha siku ileile. Kazi yake ni kurudisha kile kinachopotea wakati ugonjwa unamalizika wenyewe, na mzazi asipoambiwa hivyo huiacha baada ya saa chache akidhani dawa imeshindwa.

Sasa tazama kinachotokea kipimo kinapokosewa. Pakiti ya lita moja ikitiwa katika nusu lita ya maji, mchanganyiko unakuwa mzito mara mbili, mzito kuliko damu yenyewe. Ukifika katika utumbo, unayavuta maji kutoka mwilini badala ya kuyaingiza, kuharisha kunaongezeka, na sodiamu inayoingia katika damu inazidi kiasi. Mtoto huwa na kiu isiyotulia, hulia na kukereka kila anaposhikwa, na hali ikiendelea anaweza kupata degedege. Mama anayemwona mwanawe akiomba kunywa tena na tena humwongezea maji yaleyale mazito, na kwa nia njema kabisa anazidi kumuumiza. Upande wa pili, maji yakizidi sana, chumvi na glukosi hupungua hadi mchanganyiko unakaribia kuwa maji matupu. Mtoto anakunywa, lakini harudishi chumvi anazopoteza. Kati ya makosa haya mawili, la kuzidisha unga ndilo la hatari ya haraka.

Basi anza kwa kusoma pakiti. Nyingi katika maduka ya dawa ni za lita moja, lakini zipo pia za nusu lita na za mililita 200, na zinaweza kufanana kwa rangi na umbo, kwa hiyo usiende kwa mazoea ya pakiti ya mwaka jana. Kisha tafuta chombo unachojua kiasi chake. Vikombe vya chai vya majumbani mwetu havilingani, na "vikombe vinne" vya jirani vinaweza kuwa lita moja au pungufu yake sana. Chupa ya maji ya dukani ina kiasi kilichochapishwa kwenye lebo: chupa ya mililita 500 ikijazwa mara mbili ni lita moja kamili. Jihadhari na chupa kubwa ya lita moja na nusu, ambayo watu wengi huiita ya lita moja. Mimi huwashauri wazazi wamimine chupa mbili za nusu lita katika jagi lao, waweke alama ya kalamu ya wino usiofutika pale maji yalipofikia, na jagi hilo liwe ndilo la kipimo siku zote.

Nawa mikono kwa sabuni. Tumia maji yaliyochemshwa mpaka yakatokota, kisha yakafunikwa yakapoa, au yaliyotiwa kidonge cha klorini kwa kufuata maelezo ya pakiti yake na kuachwa kwa muda unaotakiwa. Ukikosa vyote viwili, tumia maji masafi kuliko yote uliyonayo, kwa sababu kumwacha mtoto akauke ni hatari kubwa zaidi. Mimina unga wote, koroga mpaka hakuna punje inayoonekana chini, halafu onja. Ladha yake isizidi chumvi ya machozi. Ikizidi, umekosea maji au pakiti, na ni afadhali kumwaga na kuanza upya kuliko kubahatisha kwa kuongeza maji. Usiongeze sukari, soda, juisi wala maziwa ili kumbembeleza mtoto, maana kila kinachoongezwa kinavunja uwiano uliopimwa, na usichemshe tena baada ya kuchanganya. Unga uliogeuka kahawia usiutumie. Ulioganda lakini bado ni mweupe na unayeyuka wote unafaa. Ukishachanganya, funika, na kilichobaki baada ya saa 24 kimwage.

Nusu ya kazi imekwisha hapo. Nusu ya pili ni kijiko, na hapa nitaeleza kisa cha mtoto mmoja wa miezi kumi aliyeletwa kwetu na bibi yake pamoja na mama yake. Alikuwa na kilo 8. Macho yalikuwa yameingia ndani, alikuwa msumbufu, na nilipofinya ngozi ya tumbo lake ilirudi polepole, ingawa haikuchukua zaidi ya sekunde mbili. Alikuwa amepungukiwa maji, lakini alikuwa macho na anaweza kunywa. Kwa hali hiyo kipimo chetu ni mililita 75 kwa kila kilo katika saa nne, kwa hiyo alihitaji mililita 600. Mama aliposikia mililita 600 alimpa kikombe, na mtoto, kwa kiu aliyokuwa nayo, akakigugumia kwa pupa. Muda mfupi baadaye alitapika chote. Bibi akasema, "Mwanangu, tumbo lake limeikataa, tuombe dripu."

Tumbo halikuikataa ORS. Lilikuwa limejazwa ghafla, likatanuka, na tumbo la mtoto mgonjwa likitanuka ghafla hutapika chochote kilichomo. Tulisubiri dakika kumi, kisha mama akaanza kwa kijiko cha chai, ambacho hubeba mililita 5, kila baada ya dakika tatu. Alipokuwa amekaa nusu saa bila kutapika, tukapunguza muda ukawa dakika mbili. Bibi aliona ni kidogo mno kuweza kusaidia, nikamfanyia hesabu: kijiko kila dakika mbili ni vijiko 30 kwa saa, yaani mililita 150, na kwa saa nne ni mililita 600, kiasi kilekile alichopaswa kukipata. Alianza kwa mwendo wa chini zaidi, kwa hiyo alichukua muda zaidi ya saa nne kukimaliza, na hilo halikuwa na madhara. Katikati ya vijiko aliendelea kunyonya. Bibi alikishika kijiko kwa zamu na hakuitaja dripu tena.

Kijiko kiguse pembe ya mdomo, mtoto akiwa ameketishwa au ameinuliwa kichwa, na asimiminiwe kooni. Bomba la sindano lisilo na sindano linafaa pia, likisukumwa taratibu kuelekea upande wa shavu. Akitapika, subiri dakika kumi na uanze tena polepole zaidi. Matapishi yakisambaa kwenye khanga huonekana mengi kuliko yalivyo, na kwa kawaida sehemu ya kile alichokunywa imekwisha kupita tumboni.

Mtoto akishapata nafuu na kurudi nyumbani, kazi inabaki kufidia kila choo cha majimaji: mililita 50 hadi 100 kwa aliye chini ya miaka miwili, na 100 hadi 200 kwa wa miaka miwili hadi kumi, daima kwa vijiko au mafunda madogo ya kikombe. Vidonge vya zinki viendelee kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma, miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa mtoto asiyefikisha miezi sita. Kope zikianza kuvimba, amepata maji ya kutosha na zaidi. Acha ORS kwa muda, umpe ziwa la mama au maji safi ya kawaida mpaka uvimbe upungue.

Ipo mipaka ambayo kijiko hakiivuki. Mtoto aliyelegea asiyeweza kuamka, asiyeweza kunywa, anayetapika kila kitu hata kwa mwendo wa polepole, mwenye damu katika choo, au ambaye ngozi yake ikifinywa inakaa imesimama kwa zaidi ya sekunde mbili, apelekwe kituoni bila kungoja pakiti ya pili. Mtoto mwenye utapiamlo mkali naye asitibiwe nyumbani kwa ORS ya kawaida, kwa kuwa mwili wake haustahimili sodiamu kama wa wengine. Na kwa yule ambaye bado yuko macho na anameza, chukua jagi na kijiko mwende navyo kwenye bodaboda au daladala, ili aendelee kunyweshwa njia nzima mpaka mtakapopokelewa.