Ile rangi kwenye pamba ni lami, si nikotini

Lami ya sigara ni vile vitone na chembe ndogo mno zinazoelea ndani ya moshi, ukishaondoa maji na ukishaondoa nikotini. Ufafanuzi umekwisha. Ndio unaotumika maabara: moshi hupitishwa kwenye karatasi ya nyuzi za kioo, kilichonaswa kikapimwa uzito, maji na nikotini vikatolewa katika hesabu, na kinachobaki kikaitwa lami. Kwa hivyo nikotini si sehemu ya lami hata kwa hesabu. Hutolewa makusudi.

Nalieleza hili kwa sababu jaribio la pamba, lile la kuivutisha sigara kwa chupa moshi ukapita kwenye pamba, linapendwa sana katika madarasa ya juu ya msingi huku Mombasa, na karibu kila mara pamba inapogeuka kahawia mtu huinyanyua juu na kusema, "Mwaona? Hiyo ndiyo nikotini." Watoto huandika daftarini, na daftari husomwa nyumbani. Nikotini safi ni mafuta yasiyo na rangi, au ya manjano hafifu, yanayogeuka hudhurungi taratibu yakikaa hewani. Jina lake limetokana na Jean Nicot, balozi wa Ufaransa huko Ureno, aliyepeleka tumbaku Ufaransa karibu mwaka 1560. Kwenye pamba imo, naam, lakini ni kidogo kuliko lami, na jicho haliioni. Rangi na ile harufu inayong'ang'ania vidoleni ni za lami.

Mwanafunzi mmoja kati ya darasa zima atauliza kama hii ni lami ya barabarani. Sio. Ile ya barabara hutokana na mafuta ghafi ya petroli. Hii huzaliwa jani linapoungua nusunusu bila hewa ya kutosha, na gundi la kahawia namna hiyo lingepatikana hata ukichoma majani mengine. Jibu hilo latosha, endeleeni.

Sasa jaribio lenyewe, maana likifanywa ovyo pamba hubaki nyeupe, na hapo mwalimu amewafundisha watoto kwamba sigara ni safi.

Chukua chupa ya plastiki ya lita moja iliyo wazi. Ile ya nusu lita haifai: maji yake ni ya kina kifupi, hayana uzito wa kuvuta hewa kupitia sigara na pamba kwa pamoja. Toboa shimo moja karibu na kitako kwa msumari wa moto, uzibe kwa kidole au kwa utepe. Kwenye kifuniko toboa shimo jingine, upitishe mpira mwembamba ulio wazi ambao sigara inaingia ndani yake bila kulegea, kisha zungushia plastisini mahali mpira unapopita. Ndani ya mpira, kati ya sigara na chupa, weka kipande cha pamba ukubwa wa ncha ya kidole cha mwisho. Pamba ikae kavu, mbali na maji. Jaza chupa, funga kifuniko. Ukifungua shimo la chini maji hutoka, na nafasi yanayoiacha huvuta hewa kupitia mpira. Hiyo ndiyo pumzi.

Mashine za zamani za kupimia sigara huvuta mililita 35 kwa sekunde mbili, mara moja kila dakika. Unaweza kuzifuata bila mashine yoyote. Kwa bomba la sindano la mililita 5, bila sindano yake, mimina maji ndani ya chupa mara saba, chora mstari kwa kalamu ya wino mzito, rudia tena na tena hadi chupa ijae mistari. Kila mstari ni pumzi moja. Unafungua shimo, maji yanashuka mstari mmoja, unaziba, unasubiri dakika. Kwa chupa yako huenda ikachukua sekunde nne au tano badala ya mbili, si neno. Pumzi kumi ni mililita 350, kwa hivyo lita moja yatosha sigara nzima na bado maji yana kina cha kuvuta vizuri hata mwishoni. Simamisha jaribio moto ukifika upana wa vidole viwili kutoka kwenye mpira, usije ukayeyusha plastiki.

Tazama ncha ya sigara, usitazame pamba. Kila ukifungua shimo, ncha inapaswa kuwaka nyekundu. Isipowaka na maji yanatoka vizuri, basi hewa inaingia pengine, mara nyingi pale kwenye kifuniko, ongeza plastisini. Isipowaka na maji yanadondoka tu, au ukaona mapovu yakipanda kutoka shimo la chini, pamba umeishindilia mno. Itoe, ichambue, iweke kwa ulegevu. Ikiwa moshi mwingi mzito unafika chupani na pamba imebadilika upande mmoja tu, basi imelegea kupita kiasi na moshi unapita kando yake.

Hapa pana jambo ambalo maandalio mengi ya somo hayalitaji. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 imepiga marufuku uvutaji wa sigara shuleni, na mwalimu aliyeshika sigara inayowaka mbele ya Gredi ya Sita ana maelezo marefu ya kutoa hata kama inavutwa na chupa. Sheria hiyohiyo inakataza kumwuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18, kwa hivyo usimtume mtoto dukani. Mimi napendekeza uchome nyumbani, uani, ukisimama upande upepo unakotoka. Kusi ikivuma hilo si kazi. Rekodi kwa simu. Pamba itie ndani ya chupa ndogo ya kioo yenye kifuniko, bila kuigusa kwa mkono mtupu, kwa sababu nikotini hupenya ngozi. Hiyo ndiyo utakayoipeleka darasani ikiwa imefungwa.

Darasani, watoto wafanye wenyewe nusu ya pili ya jaribio: chupa ileile, pamba mpya, bila sigara, hewa ya kawaida tu, mistari kumi. Pamba itatoka nyeupe. Bila hiyo ya pili, mtoto mwerevu atakwambia pamba imechafuliwa na mpira au na vumbi, na hutakuwa na jibu. Kipindi ni dakika 35. Video, pamba mbili na maswali vinaenea humo, kuchoma sigara kwa pumzi kumi kusingeenea.

Ukipata nafasi ya kuchoma sigara mbili, moja ikate kichungi. Pamba ya ile isiyo na kichungi hukolea zaidi, lakini ile yenye kichungi nayo hugeuka kahawia, na hiyo ndiyo ya kuonyesha. Watoto wengi wamesikia kwamba kichungi "kinatoa sumu". Kinanasa sehemu ya lami. Hakinasi kaboni monoksaidi, ambayo ni gesi na hupita kwenye pamba kama inavyopita kwenye kichungi. Hapo simama kidogo, kwa sababu gesi hii watoto wa Mombasa wanaijua bila kujua kwamba wanaijua: ndiyo ile inayoua watu waliolala na jiko la makaa chumba kikiwa kimefungwa. Hung'ang'ania damu kwa nguvu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni, na damu iliyoibeba haina nafasi ya kubeba oksijeni. Kwa mvutaji dozi ni ndogo, haimlazi chini, lakini moyo hulazimika kupiga kazi zaidi kupeleka oksijeni ileile. Pamba haina la kusema juu ya hayo yote. Hubaki vilevile gesi ikipita au isipopita.

Pamba pia si pafu. Hushika kila kitu na kukaa nacho. Njia za hewa zina ute na vijinywele vidogo vinavyopigapiga bila kukoma, vikiusukuma ute na uchafu wake kwenda juu kooni tukaumeza au tukautema. Moshi huvilemaza vijinywele hivyo, na ndiyo maana mvutaji wa miaka mingi hukohoa asubuhi: kikohozi kinafanya kazi iliyoachwa na vijinywele. Ukiwaambia watoto kwamba sigara moja hugeuza pafu rangi ya ile pamba, watamtazama mjomba aliyevuta jana na kucheza mpira leo, na hawatakusadiki tena. Waambie kwamba pamba imeonyesha kilichoingia. Kilichobaki ndani kinategemea miaka.

Na sasa lile linalonifanya nishikilie tofauti ya lami na nikotini kuliko watu wanavyodhani ninapaswa. Lami ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya kemikali zinazoleta saratani ya mapafu. Nikotini kazi yake nyingine: inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20 za kuvuta, hupandisha mapigo ya moyo, na humfunga mtu asiweze kuacha. Ubongo wa mtoto, ambao bado unakua, hufungwa kwa wepesi zaidi. Ukizichanganya, mtoto anapata kanuni moja tu, kwamba penye rangi ya kahawia pana hatari. Kisha anatoka nje ya geti. Kuna tambuu iliyotiwa tumbaku. Kuna ugoro. Kuna kuberi, ambayo vijana huweka chini ya mdomo. Kuna vipakiti vyeupe vya nikotini visivyo na hata jani. Vyote havina moshi, kwa hivyo havina lami ya moshi, na hakuna pamba itakayogeuka rangi. Kwa kanuni aliyoandika daftarini, vyote ni salama.

Nikotini imo katika vyote vinne. Na tumbaku ya kutafuna au kuweka mdomoni ina kemikali zake zinazotokana na jani lenyewe linapokaushwa na kuchachushwa, hazihitaji moto, na huleta saratani ya kinywa. Mwalimu mmoja jirani aliulizwa juu ya hilo na msichana ambaye nyanyake hula tambuu: "Mwalimu, ya nyanya haina moshi, si ni sawa?" Alijibu vizuri, kwamba jaribio la leo lilipima moshi tu, na ya nyanya yanahitaji jaribio jingine: kutazama kinywa, si mapafu, na kumpeleka kwa daktari wa meno akiona kidonda au doa jeupe lisilopona.

Kwa hivyo kwenye ubao, chini ya mchoro wa chupa, tafadhali msiandike "nikotini" na mshale unaoelekea pambani. Andikeni "lami" kwenye mshale huo. Pembeni, bila mshale wowote, andikeni "nikotini: imo, haionekani", na juu ya chupa, pale moshi ulipopita, "kaboni monoksaidi: imepita". Mtoto akiuliza mbona mawili hayana mshale, somo limeanza.