Anwani ya mpokeaji iwe ya mwisho: ninavyokagua imeili nzito kabla haijaondoka

Mimi ni mhariri, na watu huwa wananitumia imeili zao nizipitie kabla hazijaenda kwa mteja au kwa bosi. Kitu cha kwanza naangalia sio tahajia, naangalia kama kwenye To tayari kuna mtu. Kama yupo namwambia mwenye imeili amtoe kwanza ndo tuanze kusoma. Wengi wanashangaa, ila imeili isiyo na anwani haiwezi kuondoka hata ukigusa kitufe kwa bahati mbaya, na kwenye Gmail Ctrl+Enter tu inatosha kutuma, yaani vidole viwili vikikosea umeshamaliza. Ikiwa hakuna mpokeaji Gmail inakukatalia, inakwambia weka mtu. Basi hiyo ndo kinga ya bure kabisa na inafanya kazi kila siku.

Kama unajibu imeili ya mtu, anwani inakuja yenyewe. Hapo naikata naiweka mstari wa kwanza kabisa ndani ya imeili, juu ya salamu, ili nisiisahau na pia ili nije nilazimike kuigusa tena mwisho. Ikibaki pale juu kwa bahati mbaya utaiona tu, mana iko juu ya "Habari".

Sasa kwenye kukagua kwenyewe. Ukisoma mara moja ukitafuta kila kitu kwa pamoja, majina na faili na herufi, hupati kitu, mana jicho linashika maana ya sentensi linaacha mengine yapite, hasa sentensi uliyoiandika mwenyewe, unasoma ulichotaka kusema sio ulichoandika. So mimi napita mara kadhaa na kila mpito una kazi moja. Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho.

Tuseme unamtumia mteja makadirio ya kazi, anaitwa Rehema. Mwezi uliopita ulituma makadirio kama hayo kwa mteja mwingine, Rahma, kwahiyo umefungua ile ya zamani ukakopi ukapesti ukabadilisha vitu. Hakuna ubaya, wote tunafanya hivyo, lakini aina hii ya imeili ndo inaongoza kwa kuaibisha watu, kwa sababu jina la zamani halikai sehemu moja. Salamu utaibadilisha, hiyo hakuna anayeisahau. Linalobaki liko kwenye kichwa cha imeili, au katikati ya aya ya tatu ("kama tulivyokubaliana na timu ya Rahma"), au kwenye jina la faili, au ndani ya faili kule juu ya kila ukurasa.

Kuna sehemu moja zaidi ambayo watu wengi hawaijui. Ukitengeneza PDF kutoka Word, faili linaweza kubeba kichwa chake cha ndani, kile kilichoandikwa kwenye File, Info, Title. Unaweza ukabadilisha jina la faili vizuri kabisa likawa Makadirio_Rehema.pdf, afu mteja akilifungua kwenye brauza, pale juu kwenye tabo panasomeka Makadirio ya Rahma. Njia ya kujua ni hiyohiyo, lifungue kwenye brauza mwenyewe uangalie tabo. Ukikuta jina la mtu mwingine rudi Word, futa hiyo Title, tengeneza PDF upya.

Kwahiyo mpito wa majina siusomi kwa macho, naagiza mashine itafute. Ctrl+F, naandika kipande tu cha jina la zamani, "Rah", sio jina zima, mana inawezekana mahali fulani uliliandika kwa makosa, Rahama au Rahmah, na ukitafuta jina zima litakuponyoka. Ndani ya faili la Word pia, hivyohivyo. Afu natafuta na vitu vingine vya yule wa zamani, jina la kampuni, tarehe, cheo. Na kama ya zamani iliandikwa kwa kundi na hii ni ya mtu mmoja, tafuta "nawa", "mna" na "yenu", mana utakuta umemwamkia Rehema peke yake halafu chini unamwambia "mnaweza kuthibitisha" kama yuko na ukoo mzima.

Likishatoka la zamani ndo nahakiki jipya. Jina la mtu silitoi kichwani wala silitoi kwenye anwani yake, nalitoa kwenye saini yake mwenyewe, chini ya imeili aliyokuandikia. Rehema, Rehma, Salim, Saleem, mtu anajua jina lake linaandikwaje na akiona umelikosea anahisi hujamjali, hata kama kazi ni nzuri. Nakopi pale. Ila ukipesti tumia Ctrl+Shift+V, inaleta maandishi bila fonti yake, la sivyo jina litatokea na rangi au ukubwa tofauti kidogo na sentensi nyingine, na kila mtu atajua kuwa salamu yako ni ya kubandika.

Kiambatisho nakiweka kabla sijaandika neno hata moja. Kwa mpangilio huo suala la "samahani nimesahau faili" linakufa lenyewe. Gmail ina onyo lake, ukiandika kwa Kiingereza kuwa umeambatisha na hakuna faili inakuuliza, lakini ukiwa unaandika Kiswahili usilitegemee hata kidogo. Jambo lingine, ukibofya Reply, mafaili ya imeili ya mwanzo hayaendi nayo, ukibofya Forward yanaenda. Watu wanajibu kwenye mazungumzo marefu wanaandika "angalia faili hapo chini" na hapo chini hakuna kitu.

Halafu faili kuwepo na faili kuwa lenyewe ni vitu viwili. Ukishaliweka, lifungue kutoka ndani ya drafti, usilifungue kutoka kwenye folda yako. Kwenye folda unaangalia toleo la sasa, kwenye drafti kuna toleo la pale ulipoliambatisha, na kama ulirekebisha bei baada ya hapo basi mteja anapata bei ya zamani wakati wewe unaiangalia mpya umeridhika. Kama ni Word, ingia Review uweke All Markup uone kama kuna komenti za ndani zimebaki, zile za "huyu anaweza kulipa zaidi". Kama ni Excel, bofya kulia kwenye jina la shiti, ukiona Unhide inabofyeka basi kuna shiti imefichwa na inasafiri nayo. Faili likizidi MB 25 Gmail inaligeuza kuwa linki ya Drive, hapo ifungue hiyo linki kwenye dirisha la Incognito, kama unaambiwa uingie kwanza kwenye akaunti ujue haiko wazi kwa kila mtu, na mteja huenda ataambiwa aombe ruhusa, so nenda kwenye Share uhakikishe yeye ameongezwa.

Sasa tahajia. Kwa Kiswahili ule mstari mwekundu mara nyingi hausaidii, kama kifaa chako kimewekwa Kiingereza kila neno lina mstari, na macho yakizoea kuona nyekundu kila mahali hayaoni tena kosa la kweli. Lakini hata ukiwa na kikagua tahajia cha Kiswahili, makosa mabaya zaidi hakiyaoni, mana ni maneno sahihi. Angalia: "tutalipa" na "tutalipwa", herufi moja tu na anayetoa hela kabadilika. "Tutalipa" na "hatutalipa". "Nitamtumia" na "nitawatumia". Kitenzi chetu kimebeba nani, lini, ndio au hapana, vyote ndani ya neno moja, na kosa la herufi likikaa humo sentensi inabaki nzuri kabisa ila maana imegeuka. Kwahiyo kwenye mpito huu siangalii nomino wala vivumishi, naenda kitenzi kwa kitenzi, kwa sauti, najiuliza nani anafanya, na ni kweli au imekanushwa. Inachosha kidogo ila imeili ya makadirio haina vitenzi vingi.

Tarakimu nazo hazisomwi, zinalinganishwa. Jumla iliyo kwenye imeili na jumla iliyo kwenye faili, ziweke pembeni kwa pembeni. Tarehe ikiandikwa na siku, "Jumanne tarehe 14", fungua kalenda, mana siku na tarehe zikigombana mpokeaji hajui afuate ipi.

Kinachosaidia pia ni kubadilisha sura ya maandishi. Jitumie hiyo imeili mwenyewe uisome kwenye simu. Mistari inavunjika sehemu tofauti na pale jicho lilipokuwa linapita linakwama. Na hapo unaona pia kama kiambatisho kinafunguka kwenye simu, faida juu ya faida.

Mwisho kabisa ndo namrudisha Rehema kwenye To. Hapa adui ni ile orodha inayojitokeza ukiandika "Re", inakuletea watu uliowahi kuwaandikia, na wa juu sio lazima awe unayemtaka. Ikishajaa jina, libofye uone anwani kamili, hasa kile kilicho baada ya alama ya @, mana Rehema wa kampuni ya mteja na Rehema mliyesoma wote wanaonekana "Rehema" tu. Kwenye Outlook unaweza kufuta pendekezo la zamani kwa kubofya X pembeni yake, fanya hivyo kwa anwani za watu walioshahama kazi. Kama umetumia Reply all soma majina yote ya Cc, jina kwa jina, ujiulize huyu anatakiwa kuona bei? Na Bcc usiifanye sehemu ya kumfichia bosi wako, akibonyeza Reply all tu wote wanajua alikuwepo. Ukitaka aone, mtumie nakala baadaye kwa Forward.

Kabla ya yote haya, na hii unaifanya mara moja tu, ingia Settings za Gmail, General, Undo Send, toa sekunde 5 weka 30. Outlook ya kwenye kompyuta, ile ya zamani inayoitwa classic, unaweza kutengeneza rule ya kuchelewesha kila imeili, mpaka dakika 120, mimi dakika chache zinanitosha. Hizo zinafanya kazi kwa sababu imeili bado haijaondoka. Ile Recall ya Outlook ni jambo jingine, inafaa kwa watu wa ndani ya taasisi moja na wewe, ikishaenda kwa Rehema wa kampuni nyingine hairudi.

Na ikiwa imeshaenda na kosa, usitume imeili mpya yenye kichwa kipya. Jibu kwenye hiyohiyo, sentensi mbili: faili la kwanza lina bei ya zamani, tafadhali tumia hili. Ila hata hiyo ya sentensi mbili, jina lake likague.