Pesimeka: nani anaihitaji, na kwa nini wengine huwekewa waya mmoja na wengine mbili

Wengi wetu huiita betri ya moyo. Pesimeka ni kifaa kidogo kinachofukiwa chini ya ngozi, karibu na mfupa wa mtulinga, kwa kawaida upande wa kushoto. Waya wake hupita ndani ya mshipa mkubwa hadi moyoni. Kazi yake ni kusikiliza, na mapigo yakichelewa kupita kiwango alichopanga daktari, kwa mfano 60 kwa dakika, kutoa umeme kidogo ili moyo upige.

Jambo linalowachanganya wagonjwa ni kudhani kwamba idadi ya mapigo peke yake ndiyo huamua. Mwanariadha anaweza kuwa na mapigo 45 na asiwe na tatizo lolote. Kinachotazamwa ni umeme wa moyo umekwama wapi.

Umeme huo huanzia kwenye kituo kidogo katika chumba cha juu cha kulia. Vyumba vya juu vikishapiga, huteremka kupitia njia moja tu katikati ya moyo, ndipo vyumba vya chini visukume damu mwilini. Kituo cha juu kikichoka, pesimeka huwekwa pale tu uchovu huo unapomletea mgonjwa kizunguzungu, kuzimia au kuishiwa nguvu. Asipokuwa na dalili, huachwa akafuatiliwa.

Njia ya katikati ikiharibika ni habari nyingine, na hapa ndipo kwenye hatari. Kuna umeme unaochelewa tu lakini wote hufika: huo mara nyingi hauhitaji kifaa. Kuna unaochelewa zaidi na zaidi hadi pigo moja linakosekana, kisha unaanza upya. Huonekana hata kwa vijana wenye afya wakiwa usingizini. Lakini pigo likikatika ghafla bila kuchelewa kwanza, ugonjwa kwa kawaida uko chini zaidi katika njia hiyo, na unaweza kuifunga kabisa wakati wowote. Mtu huyu hushauriwa kuwekewa pesimeka hata akisema anajisikia vizuri. Ndivyo ilivyo pia kwa mtu ambaye njia hiyo imefungwa kabisa, iwapo hakuna sababu inayotibika.

Chukua mzee wa miaka 74 aliyeanguka akielekea msikitini. Mapigo yake ni 36. Kipimo cha umeme wa moyo, ECG, kinaonyesha vyumba vya juu vikipiga mara 84 kwa dakika na vya chini mara 36, kila upande kwa mwendo wake. Yale 36 ni mapigo ya dharura yanayozuka chini yenyewe, na yanaweza kusimama bila taarifa. Kabla ya upasuaji, daktari huuliza dawa anazotumia, kwa sababu atenolo au digoksini inaweza kuleta hali hii, na hupima potasiamu, hasa kama figo zina shida. Hayo yakirekebishwa na mapigo yakarudi, huenda asihitaji kifaa. Kwa mzee wetu hakuna lililopatikana.

Sasa, waya mmoja au mbili? Vyumba vyake vya juu bado vina mpangilio mzuri, ila ujumbe haufiki chini. Basi huwekewa pesimeka ya vyumba viwili. Waya wa juu husikia kila pigo, kifaa husubiri chini ya robo ya sekunde, kisha waya wa chini huamsha vyumba vya chini. Akipanda ngazi na vyumba vya juu vikafika 110, vya chini hufuata 110. Kwenye kadi yake utaona herufi DDD.

Bibi mwenye mapigo hayohayo 36, lakini ambaye vyumba vyake vya juu vimekuwa vikitetemeka ovyo kwa miaka, hana pigo la juu la kufuata. Waya wa juu hautamsaidia kitu. Huwekewa wa chini peke yake, na kadi husema VVI. Upasuaji huwa mfupi zaidi, na kuna waya mmoja tu unaoweza kuchomoka au kuharibika.

Tabu huja pale mtu kama yule mzee anapowekewa waya wa chini peke yake. Mapigo yatakuwa 60, na familia itafurahi. Lakini mara nyingine vyumba vya juu vitasukuma damu wakati milango ya chini imefungwa, damu irudi nyuma kuelekea shingoni. Baadhi ya wagonjwa husikia shingo ikidunda, huchoka, hukosa pumzi, na shinikizo la damu hushuka kila kifaa kinapoanza kupiga. Hiyo si dalili kwamba betri imekwisha. Kifaa kinafanya kazi sawasawa, ila juu na chini havipatani. Mgonjwa wa namna hii arudi kliniki akaeleze hasa hiyo shingo inayodunda, kwa sababu mara nyingi tiba yake ni kuongezewa waya wa juu na kubadilishiwa kifaa kiwe cha vyumba viwili.