Kibandiko cha dawa si plasta: dhana potofu kuhusu mahali pa kubandika, joto na utupaji

Kibandiko cha fentanili, kinachotumika kwa maumivu makali ya kudumu, na kibandiko cha nikotini, kinachotumika kumsaidia mtu kuacha sigara, vyote viwili vinafanana na plasta ya kidonda, na mfanano huo ndio chanzo cha makosa mengi. Plasta hufunika tu, lakini kibandiko cha dawa kinaisukuma dawa polepole kuingia katika tabaka za juu za ngozi, ambako hujikusanya kabla ya kuchukuliwa na mishipa midogo ya damu na kusambazwa mwilini. Kwa hiyo ngozi iliyo chini ya kibandiko ni ghala, na karibu kila kanuni ya matumizi inatokana na jambo hilo. Makala haya yanajikita zaidi katika fentanili, kwa sababu kosa lake linaweza kusimamisha pumzi ya mgonjwa. Nikotini inatajwa pale inapofanana nayo au kutofautiana nayo.

Dhana: Kibandiko cha maumivu hubandikwa mahali panapouma.

Fentanili haifanyi kazi pale ilipobandikwa. Husafiri kwa damu hadi kwenye ubongo na uti wa mgongo, na huko ndiko inakozuia hisia ya maumivu, kwa hiyo mtu anayeumwa nyonga hapati nafuu zaidi kwa kubandika nyongani. Kubandika juu ya kiungo kinachokunjwa kila wakati kuna hasara ya wazi: kingo za kibandiko huinuka na dawa hupungua bila mtu kujua. Vipo vibandiko vingine, kama vile vya lidokeini, ambavyo hufanya kazi mahali hapohapo na hubandikwa juu ya eneo linalouma. Ndiyo maana jina la dawa lisomwe kwanza, na mazoea ya kibandiko kimoja yasihamishiwe kwenye kingine.

Mahali panapofaa kwa fentanili ni ngozi nzima na bapa ya kifuani, mgongoni, ubavuni au sehemu ya juu ya mkono, isiyo na kidonda, kovu, vipele wala alama ya matibabu ya mionzi. Kwa mtoto, au kwa mtu mzima aliyechanganyikiwa, huchaguliwa sehemu ya juu ya mgongo, mahali ambapo mkono wake haufiki kukibandua. Nywele, kama zipo, zikatwe kwa mkasi na zisinyolewe kwa wembe, kwa maana wembe hukwangua ngozi na kuifanya ipitishe dawa kuliko ilivyokusudiwa. Ngozi isafishwe kwa maji matupu, bila sabuni, mafuta, losheni wala spiriti, kisha iachwe ikauke kabisa. Kibandiko kikishawekwa, kigandamizwe kwa kiganja kwa sekunde 30, na vidole vipite kuzunguka kingo zote, maana ni kwenye kingo ndiko kunakoanza kubanduka.

Dhana: Ikiwa maumivu hayajatulia baada ya saa chache, kibandiko kimeshindwa na kiongezwe kingine.

Kibandiko cha kwanza cha fentanili huchukua takriban saa 12 hadi 24 kabla nguvu yake haijaonekana ipasavyo, kwa sababu ghala la ngozini lazima lijae kwanza. Anayeongeza cha pili jioni kwa kutoridhika na cha asubuhi atakuwa na vyote viwili vikifanya kazi kwa pamoja usiku, akiwa usingizini. Kwa maumivu ya kipindi hicho daktari huagiza dawa nyingine ya muda mfupi, na mgonjwa anapaswa kuiulizia kabla ya kuondoka na maboksi yake. Kwa sababu hiyohiyo, fentanili ya kubandika haifai kwa maumivu ya ghafla kama ya jino au ya baada ya upasuaji, wala kwa mtu ambaye mwili wake haujazoea dawa kali za jamii ya afyuni.

Kuna kosa jingine la kuongeza dozi ambalo hutokea bila kukusudia: kibandiko kipya huwekwa na cha zamani husahaulika mgongoni. Anayemhudumia mgonjwa na akague mwili mzima kabla ya kufungua pakiti mpya, na aandike kwenye kalenda tarehe, saa na mahali palipobandikwa.

Dhana: Kubadilisha mahali ni kwa ajili ya kuzuia muwasho tu.

Muwasho ni sababu mojawapo, lakini kuna nyingine iliyo nzito zaidi. Ngozi iliyotoka kubanduliwa kibandiko bado ina dawa ndani yake, na ikiwa imevimba kidogo huweza kupitisha dawa kwa kasi isiyotabirika. Fentanili hubadilishwa kila baada ya saa 72, na mahali palipotumika hupumzishwa kwa siku kadhaa. Mpangilio rahisi ni kifua cha kulia, kifua cha kushoto, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, kisha kurudi mwanzo. Kwa mpangilio huo kila mahali hupata siku tisa za mapumziko. Nikotini hubadilishwa kila siku, na mahali pamoja pasirudiwe ndani ya siku saba, kwa hiyo mtumiaji anahitaji sehemu saba tofauti kati ya mikono, kifua, mgongo na nyonga.

Dhana: Joto hupunguza maumivu, kwa hiyo joto juu ya kibandiko husaidia maradufu.

Hii ndiyo dhana ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu inatokana na huruma ya mtu anayeuguza. Joto hutanua mishipa ya damu iliyo chini ya ngozi, huifanya ngozi ipitishe zaidi, na huharakisha dawa kutoka kwenye kibandiko. Makadirio yanayotolewa pamoja na fentanili ni kwamba joto la mwili likifika nyuzi 40 za Selsiasi, kiwango cha dawa kwenye damu kinaweza kupanda kwa takriban theluthi moja. Hiyo ni homa peke yake, bila chupa ya maji ya moto, blanketi la umeme, bafu la mvuke, kuota jua kwa muda mrefu wala mazoezi mazito, ambayo yote huongeza hatari kwa namna yake.

Tuchukue mfano wa mgonjwa ambaye kwa wiki kadhaa ametumia kibandiko cha mikrogramu 50 kwa saa bila shida, nacho kimebandikwa sehemu ya juu ya mgongo. Siku ya pili ya kibandiko anapata homa, na jioni analalamika kwamba mgongo unamuuma. Mwanawe anamfunika vizuri na kumwekea chupa ya maji ya moto mgongoni, karibu kabisa na kibandiko. Hakuna aliyeongeza dozi, lakini mwili sasa unapokea dawa nyingi kuliko ile uliyoizoea, na kadiri usiku unavyokwenda ndivyo kiwango kinavyozidi kupanda.

Dalili haziji kwa kishindo. Kwanza mgonjwa anaonekana kapata nafuu na kulala, jambo ambalo familia hulifurahia. Baadaye anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida yake, akiamshwa anajibu kwa maneno yasiyoshikana, mboni za macho zimesinyaa mno, na pumzi zake zikihesabiwa kwa dakika nzima ni 7 au 8, ilhali mtu mzima aliyetulia kwa kawaida huvuta pumzi 12 hadi 20. Kuhesabu huko hakuhitaji kifaa zaidi ya saa na jicho linalotazama kifua, na ndicho kipimo ninachomsihi kila mwenye mgonjwa wa namna hii ajifunze.

Katika hali hiyo chupa iondolewe, kibandiko kibanduliwe, na huduma ya dharura iitwe mara moja. Mgonjwa alazwe ubavu na asiachwe peke yake. Wahudumu waambiwe jina la dawa na nguvu yake. Mahali pa kibandiko panaweza kusuuzwa kwa maji, lakini pasisuguliwe kwa sabuni wala spiriti. Iwapo kuna naloksoni, yaani dawa inayopinga nguvu ya fentanili, itumike, lakini asidhaniwe kuwa kapona akizinduka. Naloksoni huisha nguvu mapema, mara nyingi ndani ya saa moja au mbili, ilhali fentanili iliyohifadhiwa ngozini huendelea kuingia kwenye damu: baada ya kibandiko cha siku tatu kubanduliwa, huchukua takriban saa 20 hadi 27 kwa kiwango chake kushuka kwa nusu. Ndiyo sababu mgonjwa wa namna hii huangaliwa hospitalini kwa siku nzima au zaidi.

Kilichotakiwa kufanyika mapema si kigumu. Homa ilipoanza, daktari angeambiwa siku hiyohiyo, homa ingeshushwa kwa dawa iliyoruhusiwa, pumzi zingehesabiwa mara kwa mara, na joto la chupa lingewekwa kando kabisa. Kuoga kwa maji ya vuguvugu hakukatazwi.

Kwa mtumiaji wa nikotini joto hufanya jambo lilelile kwa madhara madogo zaidi: kichefuchefu, kizunguzungu, kichwa kuuma na moyo kwenda mbio. Akiona hivyo abandue kibandiko na asuuze mahali hapo kwa maji peke yake, kwa kuwa sabuni inaweza kuongeza nikotini inayoingia mwilini.

Dhana: Kibandiko kilichokwisha muda wake hakina dawa tena.

Kibandiko cha fentanili kilichomaliza siku tatu hubaki na dawa nyingi, wakati mwingine zaidi ya nusu ya ile ya mwanzo. Kiasi hicho kinaweza kumuua mtoto anayekitafuna au anayekibandika mwilini akidhani ni kibandiko cha mchezo. Kinaweza pia kuhama kutoka kwa mtu mzima kwenda kwa mtoto wanayelala pamoja au wanayekumbatiana, ikiwa kingo zimelegea. Ikitokea hivyo, kibanduliwe papo hapo na mtoto apelekwe hospitali hata kama anaonekana mzima.

Kikitolewa, kikunjwe mara moja katikati ili upande wa gundi ugandamane na wenyewe. Njia bora ya fentanili ni kuirudisha kwa mfamasia au mahali panapokusanywa dawa zisizotumika. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani imeiweka kwenye orodha ya dawa chache zinazoruhusiwa kumwagwa kwenye choo cha maji pale ambapo hakuna njia ya kuirudisha kwa haraka, kwa hoja kwamba hatari yake ndani ya nyumba ni kubwa kuliko ile ya majini. Nchi nyingine hazikubali hilo, kwa hiyo maelekezo ya karatasi iliyomo kwenye boksi na ya mfamasia wa eneo husika ndiyo yafuatwe. Nikotini haimo katika orodha hiyo: baada ya kukunjwa irudishwe ndani ya pakiti yake na itupwe kwenye pipa lenye mfuniko, mbali na watoto na wanyama. Mikono ioshwe kwa maji baada ya kushika aina yoyote ya kibandiko.

Vibandiko vya fentanili ambavyo havikutumika, matibabu yakikoma au mgonjwa akifariki, vihesabiwe na kurudishwa kwa namna hiyohiyo. Havifai kuhifadhiwa kwa ajili ya jamaa atakayeumwa mgongo siku nyingine, kwani dozi iliyomtuliza mgonjwa aliyezoea inaweza kumzuia kupumua mtu ambaye hajawahi kuitumia.