Kwa nini kila oda huonekana imetoka WhatsApp

*“Nina duka la madira na mabuibui Ngamiani, Tanga. Oda za Instagram, za tovuti na za dukani nimezikusanya kwenye jedwali moja, na jedwali linasema karibu zote zinatoka WhatsApp. Mbona matangazo yangu yote nayaweka Instagram?”*

Jedwali halijakosea, ila limeandika mahali mteja alipotolea oda, wala si mahali alipolijua duka. Mambo hayo mawili hukaa kwenye safu moja katika madaftari mengi ya biashara, na safu hiyo hujazwa na chombo cha mwisho alichokitumia mteja, ambacho kwa wengi wetu ni WhatsApp.

Fikiria abiria aliyetoka Korogwe kwa basi, akashuka stendi ya Kange, kisha akapanda bajaji hadi mlangoni pa duka. Mwenye duka akiulizwa mgeni wake amekuja kwa usafiri gani, atajibu kwa bajaji, na atakuwa amesema kweli tupu. Hata hivyo, akihitimisha kwamba wateja wake hutoka Kange, na akaenda kubandika matangazo kwenye bajaji, atakuwa amelipia kipande cha mwisho cha safari, ilhali uamuzi wa kuja ulifanyika Korogwe. WhatsApp ndiyo bajaji: karibu kila mtu huipanda mwishoni, kwa hiyo kuiona imebeba wateja wengi hakusemi lolote kuhusu walikotoka.

Watu wengi hudhani kwamba ujumbe wote ukishaingia mahali pamoja, asili ya kila oda itajulikana yenyewe. Haiwi hivyo. Meta Business Suite, kwa mfano, hukusanya ujumbe wa Messenger na Instagram, na WhatsApp ya biashara inaweza kuunganishwa nayo, lakini kinachokusanywa ni mazungumzo. Programu haijui kwamba anayeandika WhatsApp leo ndiye aliyeuliza “bei?” chini ya picha ya Instagram juzi, haioni fomu ya oda iliyo kwenye tovuti yako, na mteja aliyesimama kaunta haimwoni kabisa. Kukusanya huondoa usumbufu wa kufungua programu tatu. Kujua chanzo ni kazi nyingine, na hufanyika kabla ujumbe haujatumwa.

Jambo la kwanza basi ni kuwa na safu mbili katika jedwali. Moja iitwe Mlango, nayo iandike oda ilikoingilia: Instagram, WhatsApp, tovuti au dukani. Ya pili iitwe Chanzo, nayo iandike mahali mteja alipokutana na duka kwa mara ya kwanza. Mlango unaweza kubadilika mteja anapohama kutoka inboksi kwenda kaunta. Chanzo huandikwa mara moja na hakifutwi.

Safu ya Chanzo hujazwa na kiungo chenyewe. Kiungo cha WhatsApp kinaweza kubeba maneno ambayo mteja atayakuta yameshaandikwa kwenye sehemu ya ujumbe, akabakiwa na kubonyeza kutuma tu:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Habari%2C%20naulizia%20dira.%20IG
```

Namba huandikwa bila alama ya kujumlisha, bila sifuri ya mwanzo na bila nafasi. `%20` ni nafasi kati ya maneno na `%2C` ni mkato. Herufi mbili za mwisho ndizo zenye kazi. Kiungo cha kwenye bio ya Instagram kiishie na IG, cha kwenye kitufe cha tovuti kiishie na WB, na cha kwenye karatasi inayoambatana na kifurushi kinachosafirishwa kwa basi kiishie na KF. Ujumbe ukiingia, msaidizi wako anasoma herufi hizo na kuziandika kwenye Chanzo bila kumuuliza mteja chochote. Ni ujanja mdogo kiasi cha kuchekesha, lakini hufanya kazi kwa sababu alama inasafiri ndani ya ujumbe wenyewe.

Udhaifu wake unajulikana pia. Mteja anaweza kuyafuta maneno uliyomwandikia na kuweka yake. Kiungo ndani ya maelezo ya picha ya Instagram hakibonyezeki, kwa hiyo anayeiona namba hapo ataiandika mwenyewe kwenye simu, na ujumbe wake utafika bila alama. Njia inayosaidia ni kuandika chini ya picha: “Tuma neno MAUA kwa namba hii”, ukachagua neno moja kwa kila picha unayoitangaza. Wapo watakaolisahau, lakini wengine watalituma.

Tovuti nayo ina mtego wake, na ni ule ule wa bajaji. Mtu anatoka Instagram, anaingia kwenye tovuti, anabonyeza kitufe cha WhatsApp, na ujumbe wake unafika na WB. Ili Instagram isipotee njiani, kiungo cha kwenda kwenye tovuti huongezewa mkia kama huu:

```
?utm_source=instagram&utm_medium=bio
```

Kisha aliyekutengenezea tovuti aweke fomu na kitufe ambavyo husoma mkia huo na kuupachika kwenye oda. Mkia bila fomu inayousoma utaonekana kwenye takwimu za watembeleaji tu, na oda itabaki haina habari nao. Hata ukisomwa, usiuamini kupita kiasi: mteja akinakili anwani hiyo pamoja na mkia wake akamtumia dada yake, oda ya dada itaandikwa Instagram ingawa hajawahi kufungua ukurasa wako. Kwa upande mwingine, kiungo kisicho na mkia kikibonyezwa ndani ya WhatsApp, mara nyingi takwimu za tovuti humhesabu mtu huyo kama aliyekuja moja kwa moja.

Sasa tufuate oda moja. Mteja wa Pongwe anaona dira la maua Jumatatu usiku, anauliza bei kwenye Instagram na kutaja urefu wake. Jumanne anabonyeza kiungo cha bio na kuandika WhatsApp kwamba analitaka. Jumatano anashuka mjini, anapita dukani kukishika kitambaa, analipa nusu kwa Lipa Namba. Kama kila mlango una mtu wake anayeandika, jedwali lina oda tatu, na fundi anaweza kukata vitambaa viwili kabla ya yeyote kugundua. Dalili ya kosa hili ni rahisi kuiona ukiitafuta: rangi ile ile na kipimo kile kile, vikiwa vimepishana siku moja au mbili.

Kinachoziunganisha ni namba ya simu, nayo huja na sura tofauti kila inapoingilia. WhatsApp huionyesha ikianza na +255, kwenye fomu ya tovuti mteja huanza na 07 au 06, na kwenye jedwali la Google sifuri ya mwanzo humezwa kwa sababu programu imeisoma kama hesabu. Kwa macho ni mtu mmoja, kwa jedwali ni watu watatu. Ikiwa simu iko kwenye safu ya E, fomula hii huondoa kila kisicho tarakimu, huchukua tisa za mwisho na kuzitanguliza 255:

```
="255"&RIGHT(REGEXREPLACE(TO_TEXT(E2),"[^0-9]",""),9)
```

Instagram haikupi namba ya simu, bali jina la akaunti tu. Kwa sababu hiyo, weka kanuni kwamba oda haiandikwi mpaka mteja ametaja simu yake. Kabla ya hapo ni swali la bei, na maswali ya bei ni mengi kuliko oda. Usiitumie namba iliyolipa kama utambulisho, kwa kuwa malipo huweza kutoka kwenye laini ya mume, ya shoga au ya wakala. Namba peke yake pia haitoshi kuunganisha oda. Anayeshughulikia sare za harusi ataagiza madira ya watu kadhaa kwa simu moja, na hizo ni oda halali tofauti. Unganisha pale tu simu, bidhaa na kipimo vinapolingana na oda ya kwanza bado haijakabidhiwa.

Baada ya kuunganisha, chanzo kinachobaki ni cha oda iliyotangulia, na hapo saa huingilia kati kwa namna ya ajabu. Seva nyingi za tovuti huandika muda kwa UTC, ambayo iko nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Oda ya tovuti iliyoingia saa nne asubuhi itasomeka 07:00, na hivyo itaonekana imetangulia ujumbe wa WhatsApp wa saa mbili, ambao simu imeuandika 08:00. Msaidizi wa dukani naye akiandika 3:00 akimaanisha saa tatu asubuhi, jedwali litaelewa saa tisa usiku, na mteja wa kaunta atakuwa wa kwanza kuliko wote. Chagua mfumo mmoja wa saa wa kuandikia, wa simu ndio mwepesi zaidi, kisha rekebisha za tovuti.

Mteja wa dukani aulizwe wakati anachukuliwa vipimo, bei ikiwa imeshapatana: “Umetujulia wapi mara ya kwanza?” Majibu yake yapokee kwa tahadhari, kwani kumbukumbu hupenda jambo la karibuni, na aliyeelekezwa na jirani aweza kusema Instagram kwa sababu jana aliangalia picha huko.

Tuseme mwezi umeisha na oda 40 baada ya kuondoa zilizojirudia. Kwa Mlango ni WhatsApp 26, dukani 9, tovuti 5. Kwa Chanzo, oda zile zile ni Instagram 17, kuelekezwa na mtu 11, kupita njia 4, kutafuta mtandaoni 2, na haijulikani 6. Sita hizo ziache kama zilivyo. Kuzigawa kwa kukisia kunaipa Instagram sifa ambayo hukuipima. Zikipanda ghafla mwezi unaofuata, shuku kwanza kwamba mtu amebadilisha kiungo cha bio, kisha bonyeza kila kiungo kwa simu nyingine na ujitumie ujumbe. Ukifika bila herufi zake mbili mwishoni, kiungo hicho ndicho cha kurekebishwa.